Mlima wa Tatu kwa Urefu, na Hesabu Inayokwama Njiani

Chukua milima minane ya ukanda wetu, iandike bila mpangilio pamoja na urefu wake kwa mita: Elgon 4321, Kilimanjaro 5895, Nyiragongo 3470, Stanley wa Ruwenzori 5109, Muhabura 4127, Kenya 5199, Karisimbi 4507 na Mikeno 4437. Swali ni moja tu: upi ni wa tatu kwa urefu?

Wengi wataanza kwa kuipanga yote, wa kwanza hadi wa nane, kisha wasome jina lililo kwenye mstari wa tatu. Jibu watalipata, lakini watakuwa wamefanya kazi ambayo hakuna aliyewatuma. Aliyeuliza hakutaka kujua kama Muhabura unauzidi Nyiragongo. Kwa milima minane hasara hiyo haionekani. Kwa orodha ya namba 1,000,000, kuipanga yote huitaka kompyuta ilinganishe namba mbilimbili kiasi cha mara milioni 20, ilhali jibu la swali lile linaweza kupatikana kwa kulinganisha mara milioni 2 hivi.

Njia hiyo ya mkato ilibuniwa na Mwingereza Tony Hoare. Mwaka 1961 alichapisha katika jarida la Communications of the ACM algoriti tatu fupi zilizofuatana: namba 63, 64 na 65. Ya 63 iligawa orodha katika mafungu, ya 64 iliipanga orodha nzima, na ya 65, aliyoiita FIND, ilitafuta namba moja tu kwa nafasi yake. Hiyo ya mwisho ndiyo wanaprogramu wa leo wanaiita quickselect.

Utaratibu wake ni huu. Chagua namba moja kutoka kwenye orodha iwe ya kupimia wenzake. Wanaprogramu huiita pivoti. Linganisha kila namba iliyobaki na pivoti hiyo, zilizo kubwa ziende upande mmoja na zilizo ndogo upande wa pili. Kisha hesabu zile kubwa. Hesabu hiyo inakuambia jibu liko upande gani, na upande mwingine unautupa bila kuutazama tena.

Turudi kwenye milima, na tuseme pivoti itakuwa daima jina la mwisho kwenye orodha. La mwisho ni Mikeno. Milima saba inalinganishwa nao: minne inauzidi, nayo ni Kilimanjaro, Stanley, Kenya na Karisimbi, mitatu iko chini yake. Wa tatu kwa urefu lazima awe miongoni mwa ile minne, kwa hiyo Mikeno na mitatu iliyo chini yake imetoka. Sasa wa mwisho ni Karisimbi. Mitatu yote iliyobaki inauzidi, kwa hiyo wenyewe ni wa nne, nao unatoka. Inabaki Kilimanjaro, Stanley na Kenya, na pivoti ni Kenya. Ni Kilimanjaro pekee unaouzidi, kwa hiyo Kenya ni wa pili, na aliyebaki chini yake ndiye wa tatu: Stanley. Tumelinganisha mara 7, kisha 3, kisha 2. Jumla ni 12.

Sasa ichukue milima hiyohiyo, lakini orodha iwe imeshapangwa kutoka mrefu hadi mfupi, kama ilivyo katika vitabu vingi vya jiografia. Kanuni haibadiliki: pivoti ni wa mwisho. Wa mwisho ni Nyiragongo, nao ni mfupi kuliko yote. Tunalinganisha mara 7 na tunachopata kuutupa ni Nyiragongo peke yake. Anafuata Muhabura: mara 6, na mlima mmoja unatoka. Elgon mara 5, Mikeno mara 4, Karisimbi mara 3, na mwishowe Stanley mara 2. Jumla ni 27. Mpangilio mbaya kuliko wote kwa milima minane ungefikia 28.

Jibu lilikuwa wazi kwenye mstari wa tatu tangu mwanzo, na bado kazi imezidi maradufu. Tatizo halitokani na milima wala swali. Limetokana na pivoti ambayo kila mara iliangukia ukingoni, ikawa inatoa mmoja badala ya kukata fungu kubwa.

Kwa orodha ndogo tofauti ya 12 na 27 ni ya kuchekesha tu. Lakini gharama ya kutoa mmoja mmoja hukua kwa mraba wa ukubwa wa orodha. Orodha ya namba 1,000,000 iliyopangwa kutoka kubwa hadi ndogo, ikiulizwa namba ya tatu kwa ukubwa huku pivoti ikiwa ya mwisho, itadai kulinganisha mara bilioni 500 hivi. Tuseme kompyuta inalinganisha mara bilioni moja kwa sekunde. Pivoti nzuri itamaliza kazi kabla hujapepesa jicho. Pivoti mbaya itachukua zaidi ya dakika nane.

Hapa pana mtego ambao huwapita hata wazoefu. Ukiigeuza orodha hiyo, iwe imepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, pivoti ya mwisho itakuwa namba kubwa kuliko zote. Ukiuliza ya kwanza kwa ukubwa, jibu linatoka katika mzunguko wa kwanza. Ukiuliza ya kumi, mizunguko kumi inatosha. Mwanaprogramu anayejaribu kazi yake kwa maswali ya namna hii ataridhika kwamba hata orodha iliyopangwa haimsumbui. Siku mtu atakapouliza namba ya katikati, yaani ya 500,000, programu ileile italinganisha mara bilioni 375.

Na data iliyokwisha kupangwa si jambo la nadra. Matokeo ya mitihani hutoka kwa mpangilio wa alama, kumbukumbu za miamala hutoka kwa mpangilio wa tarehe, na faili nyingi huhifadhiwa zikiwa zimepangwa tayari. Kanuni ya kuchagua ya mwisho, au ya kwanza, hushindwa palepale ambapo data ni ya kawaida kabisa.

Je, kuchagua iliyo katikati ya orodha kunatosha? Jibu lilionekana katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1991. Allan Wilks na Rick Becker waliendesha qsort, programu ya kupanga iliyokuja na kompyuta zao, kwa kazi ambayo ingepaswa kuchukua dakika chache. Ikala saa kadhaa. Kama wasingeikatiza, ingeendelea kwa wiki. Orodha iliyoikwamisha ilipanda kutoka ndogo hadi kubwa kisha ikashuka tena, kama 1, 2, 3, 4, 4, 3, 2, 1. Katika orodha ya umbo hilo, namba kubwa kuliko zote ndizo zinazokaa katikati. Kazi yao ilikuwa ya kupanga, si ya kutafuta namba moja, lakini hatua ya kugawa kwa pivoti ni ileile na ugonjwa wake ni uleule.

Wenzao Jon Bentley na Doug McIlroy walipotafuta qsort iliyo bora zaidi, walikuta nyingine, iliyoandikwa Berkeley mwaka 1983, ikikwama kwa sababu tofauti: namba zinazojirudia. Ukiipa orodha ya sifuri na moja tu, ilikuwa inatambaa. Sababu yenyewe ni rahisi kuiona. Ikiwa namba zote ni sawa na kanuni inasema kila iliyo sawa na pivoti iende upande wa ndogo, basi upande mmoja utabaki mtupu na mwingine utapokea zote. Kila mzunguko unatoa pivoti peke yake. Alama za mtihani za watahiniwa milioni moja, ambazo haziwezi kuzidi thamani 101 kutoka 0 hadi 100, ni data ya aina hii hasa. Dawa yake ni kugawa mafungu matatu badala ya mawili: zilizo kubwa, zilizo sawa, na zilizo ndogo. Jibu likiangukia fungu la zilizo sawa, kazi imekwisha.

Kwa namba zisizojirudia, dawa ya kwanza aliitoa Hoare mwenyewe. Katika algoriti yake namba 63, pivoti haikuwa ya mwisho wala ya kwanza. Ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Waliokuja baadaye ndio waliorahisisha. Bahati nasibu inafaa kwa sababu haihitaji pivoti iliyo katikati barabara. Nusu ya namba zote zimo katika nusu ya kati ya mpangilio, na yoyote kati ya hizo ikichaguliwa, angalau robo ya orodha inatupwa. Kwa hiyo nafasi ya kupata pivoti nzuri ni sawa na ya kurusha shilingi. Kutafuta namba ya katikati kabisa, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, hudai kwa wastani kulinganisha mara 3.4 hivi ya ukubwa wa orodha, hata kama orodha imekwisha kupangwa.

Wengine hutazama ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, kisha huchukua ile ambayo si kubwa wala ndogo kati ya hizo tatu. Kanuni hii huiponya orodha iliyopangwa, lakini ni kanuni inayojulikana, na inayojulikana hutegeka. David Musser alionyesha mwaka 1997 jinsi ya kutunga orodha inayoiangusha kila mzunguko.

Ulinzi usiotegemea bahati ulikuwapo tangu 1973, kazi ya Manuel Blum, Robert Floyd, Vaughan Pratt, Ronald Rivest na Robert Tarjan. Orodha hugawanywa katika makundi ya namba tano tano, huchukuliwa ya kati ya kila kundi, kisha hutafutwa ya kati miongoni mwa hizo za kati na kufanywa pivoti. Pivoti ya namna hiyo hutupa angalau asilimia 30 hivi ya orodha kila mara, hata ipangwe vipi. Kasoro yake ni kwamba kuitafuta kwenyewe ni kazi, kwa hiyo katika siku za kawaida hushindwa mbio na bahati nasibu.

Musser alipatanisha pande mbili: anza na pivoti ya haraka, hesabu mizunguko, na ukiona orodha haipungui inavyopaswa, hamia kwenye njia yenye uhakika. Ndivyo inavyofanya `numpy.partition` katika lugha ya Python, ambayo ikikwama hugeukia makundi ya tano tano. Kwa `std::nth_element` ya C++, kiwango rasmi cha lugha kinaahidi kasi ya wastani tu, na ulinzi dhidi ya hali mbaya umeachiwa watengenezaji wa kila maktaba.

Mwenye programu ya zamani anaweza kuipima mwenyewe. Aipe orodha iliyopangwa ya namba 10,000, aandike muda, kisha aipe ya 20,000. Muda ukiongezeka mara mbili hivi, pivoti iko salama kwa orodha hiyo. Ukiongezeka mara nne, programu inatoa namba moja moja. Jaribio hilo lirudiwe kwa orodha iliyopangwa kinyume, kwa inayopanda kisha kushuka, na kwa ile yenye namba moja iliyojirudia, na kila mara aulize namba ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kwa ukubwa.