Kodi ya Bia, Vifo Barabarani na Swali la Kumuuliza Mwanauchumi

Mwaka 1988, majimbo ya Marekani yaliyotoza kodi kubwa ya bia ndiyo yaliyokuwa na vifo vingi vya ajali za barabarani. James Stock na Mark Watson, katika kitabu chao cha kiada, wanaonesha kwamba kila nyongeza ya dola moja kwa kreti iliambatana na vifo 0.44 zaidi kwa kila watu 10,000. Je, kodi inaua?

La hasha. Majimbo hutofautiana kwa dini, barabara na mazoea ya unywaji, na huenda tofauti hizo ndizo zinazogusa kodi na ajali kwa pamoja. Bahati nzuri, takwimu hizo ni za paneli: majimbo 48 yamefuatiliwa mwaka kwa mwaka, 1982 hadi 1988. Mbinu ya athari zisizobadilika hulinganisha kila jimbo na lenyewe. Wastani wa jimbo kwa miaka saba hutolewa katika takwimu za kila mwaka, na lolote lisilobadilika jimboni hutoweka. Hapo jibu liligeuka: vifo vilipungua kwa 0.66.

Athari nasibu hufanya vingine. Huchanganya ulinganisho wa ndani ya jimbo na ule wa jimbo kwa jimbo, kwa sharti kwamba upekee wa jimbo hauhusiani na kodi. Sharti likitimia, makadirio huwa sahihi zaidi, tena mtafiti anaweza kupima hata mambo yasiyobadilika, kama jimbo kuwa na pwani. Lisipotimia, ile 0.44 ya kupotosha hupenya tena.

Kwa hiyo msomaji aulize: upekee huo una uhusiano gani na kinachopimwa? Kama vijiji vilipewa ruzuku kwa bahati nasibu, athari nasibu zinafaa. Kodi hutungwa na wabunge wanaozijua fika tabia za wapiga kura wao. Hapo sharti hilo ni gumu kuaminika.

Wengi hujikinga kwa kipimo cha Jerry Hausman cha mwaka 1978, kinachopima kama majibu ya mbinu hizo mbili yanaachana mno. Yakiachana, athari nasibu zina kasoro. Yasipoachana, bado si ushahidi wa kutosha: kodi ikiwa haikubadilika sana, makadirio ya ndani ya jimbo huyumba na kipimo hakioni kitu. Makala isiyo na utetezi mwingine ni dhaifu. Afadhali ile inayochapisha majibu yote mawili na kueleza kodi ilibadilika kiasi gani ndani ya majimbo.

Athari zisizobadilika nazo haziondoi yaliyobadilika njiani. Katika miaka hiyohiyo majimbo mengi yalipandisha umri wa kunywa pombe hadi miaka 21. Stock na Watson walipoingiza sheria za pombe, hali ya uchumi na mabadiliko ya kila mwaka, punguzo lilishuka hadi 0.45, na halikutofautiana na sifuri kwa uhakika wa kitakwimu.