"Could you tell me" na "I wonder": swali ndani ya sentensi

Katika Kiingereza, swali la kawaida hupindua mpangilio wa maneno: "Where is the bank?" Kitenzi "is" kimetangulia kiima, "the bank". Swali hilo likiingizwa baada ya "Could you tell me" au "I wonder", mpangilio hurudi kuwa wa sentensi ya taarifa: "Could you tell me where the bank is?" Aliyekwisha kuuliza ombi hilo la adabu ameshaonyesha kwamba anauliza, kwa hiyo sehemu ya pili haihitaji kupinduliwa tena. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo bila shida: "Benki iko wapi?" na "Unaweza kuniambia benki iko wapi?" hazitofautiani kwa mpangilio. Kosa la "where is the bank" humpata mwanafunzi kwa sababu amefundishwa kupindua, akazoea.

Ugumu zaidi uko kwenye "do", "does" na "did". Vitenzi hivyo visaidizi huondoka, lakini wakati vilioubeba haupotei. Huhamia kwenye kitenzi kikuu. Chukua zoezi hili la kujaza nafasi:

What time did the bus leave?
Could you tell me what time ______ ?

Wengi huandika "did the bus leave", wengine "the bus leaves". La kwanza limeacha mpangilio wa swali. La pili limetupa "did", likatupa na wakati uliopita pamoja nalo. Jibu ni "the bus left". Kabla ya kujaza, inafaa kulizungushia duara neno "did", kisha kujiuliza kitenzi kikuu kitakuwaje wakati uliopita. Kwa "does" alama ni "-s": "Does she work here?" huwa "I wonder if she works here". Hapa pameingia "if", kwa maana ya "kama", kwa kuwa swali halikuwa na neno la kuulizia. "Whether" nayo inakubalika.

Neno "could" huwapotosha baadhi ya wanafunzi wakadhani ni wakati uliopita, wakarudisha nyuma kila kitenzi kinachofuata. Hapo ni la adabu tu, hivyo "is" hubaki "is". Mambo hubadilika pale sentensi inaposimulia jambo lililopita: "I wondered where she was."

Swali ambalo "who" ndiyo kiima halibadiliki kabisa: "Who called?" huwa "I wonder who called." Na nafasi ikiwa mwishoni, "is" haifupishwi; "I wonder where he's" ni kosa, sahihi ni "where he is".

Alama ya mwisho hutegemea mwanzo wa sentensi. "Could you tell me" ni swali, hivyo huishia na alama ya kuuliza. "I wonder" ni taarifa, nayo huishia na nukta.