Hercules na Perseus ni ndugu ama ni babu na mjukuu? Wacha tufungue hii familia ya Zeus

Kama ulijua Hercules kupitia ile filamu ya katuni ya Disney ya 1997, kuna kitu lazima ufute kichwani kwanza. Pale Hera ni mathe mpole anayelilia mtoto wake. Kwa stori zenyewe za Wagiriki, Hera si mamake. Ni mke wa buda yake, na alimchukia hata kabla azaliwe.

Jina pia tuliweke sawa. Hercules ni vile Warumi walimwita. Wagiriki walisema Herakles, na hilo jina limetengenezwa kutoka kwa jina la Hera mwenyewe, maana yake ni kama “sifa ya Hera”. Eeh, adui yake mkubwa ako ndani ya jina lake.

Sasa shika hapa. Zeus na Hera ni bwana na bibi, na pia ni ndugu, wote watoto wa Kronos na Rhea. Usishtuke sana, miungu hawakuwa na wengine wa kuoa. Shida ni kuwa Zeus hakuwa mtu wa kutulia nyumbani. Mmoja wa mipango yake ya kando alikuwa Danae, binti ya mfalme wa Argos, na wakamzaa Perseus, yule jamaa aliyekata kichwa cha Medusa.

Perseus akaoa Andromeda, wakapata vijana kadhaa. Tunataka watatu tu: Alkaios, Elektryon na Sthenelos. Alkaios alimzaa Amphitryon. Elektryon alimzaa Alkmene. Sthenelos alimzaa Eurystheus. Kwa hivyo hawa watatu wa chini ni binamu, wote wajukuu wa Perseus, na Amphitryon akamwoa Alkmene.

Amphitryon akaenda vita. Zeus naye akajigeuza akafanana na yeye kabisa, akaingia kwa Alkmene, na wanasema alirefusha usiku huo ukawa kama tatu. Alkmene hakujua, alidhani ni mzee wake amerudi. Bwana mwenyewe alipofika, mambo yakawa mapacha: Herakles ni wa Zeus, Iphikles ni wa Amphitryon. Tumbo moja, mababa wawili.

Sasa piga hesabu. Mama ya Herakles ni mjukuu wa Perseus, kwa hivyo Herakles ni kitukuu cha Perseus. Lakini Perseus pia ni mtoto wa Zeus, so ni ndugu yake kwa baba. Jibu la swali letu la juu ni yote mawili, na hakuna aliyekosea kuandika. Wanadamu wanazeeka vizazi vinapita, lakini Zeus hazeeki, kwa hivyo anaweza kurudi kwa boma lile lile miaka mingi baadaye. Ukikutana na undugu haueleweki kwa hizi stori, angalia kwanza kama Zeus alipita hapo mara mbili.

Hera aliposikia, hakumgusa Zeus. Alimfinya kwa kiapo. Siku Alkmene alikuwa ajifungue, Zeus alijisifu kuwa mtoto wa damu yake atakayezaliwa siku hiyo ndiye atatawala. Hera akamwambia aape, jamaa akaapa bila kufikiria. Hapo hapo Hera akaenda akazuia uchungu wa Alkmene, na akafanya mke wa Sthenelos ajifungue mimba ikiwa miezi saba tu. Akazaliwa Eurystheus. Yeye pia ni wa damu ya Zeus, kupitia Perseus, kwa hivyo kiapo kikamshika. Mungu mkuu mwenyewe hakuweza kukivunja.

Ndio maana shujaa mwenye nguvu zaidi Ugiriki alikuwa akitumwa na Eurystheus, mtu mwoga aliyejificha ndani ya mtungi akiletewa mnyama. Kiukoo huyo ni binamu ya mamake, yaani anko wake, ingawa ni rika moja. Zile kazi kumi na mbili zinatoka hapo. Iolaos, anayemsaidia kuchoma shingo za Hydra, si beshte tu: ni mtoto wa Iphikles.

Hera pia ndiye alimpiga na wazimu akaua watoto wake aliozaa na Megara. Hapa usichanganyikiwe. Wengi wanaweka hayo kabla ya kazi, na Herakles anatumika kusafisha damu hiyo. Euripides, kwa mchezo wake wa kuigiza, anayaweka baada. Zote ni za zamani.

Akifa, upande wa mamake ukaungua motoni na upande wa Zeus ukapanda Olimpo. Huko Hera akakubali yaishe, na Herakles akapewa mke: Hebe, binti ya Zeus na Hera. Ni dadake kwa baba, ndio. Na yule mama wa kambo aliyemtumia nyoka akiwa bado mtoto sasa ni mama mkwe.