Barua ya Bursa na Hesabu Isiyoonekana Ndani Yake

Kila muhula wa pili unapoelekea kufungwa, barua ya namna moja huteremka kutoka ofisi za shule nyingi za sekondari nchini Kenya. Ina nembo ya shule juu, muhuri chini, na katikati maneno kama haya: “Kwa Mzazi/Mlezi wa Kidato cha Nne. KUH: MASOMO YA ZIADA YA LIKIZO YA AGOSTI. Ili kufidia muda uliopotea, wanafunzi watarejea shuleni Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 14. Ada ni shilingi 4,500, ilipwe kabla ya tarehe 24 Julai. Asiyelipa hatapokelewa.” Sahihi ni ya bursa.

Kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu vya shule, na barua ya aina hii huisoma kuanzia mwisho. Lile sharti la “asiyelipa hatapokelewa” lina asili yake, na asili hiyo ni hesabu ambayo bursa aliifanya kwenye karatasi nyingine, mzazi asiyoiona.

Tuchukue mfano wa shule ya kutwa yenye wanafunzi 60 wa Kidato cha Nne. Tarakimu ni zangu, lakini mpangilio wake ndio ule ule nikutanao nao kazini. Walimu wanane watafundisha siku kumi kwa posho ya shilingi 1,500 kila mmoja kwa siku: hizo ni 120,000. Mpishi, mlinzi, maji na umeme ni 15,000. Jumla 135,000, na fedha hizi zitatoka hata wakija watoto watano. Gharama inayomfuata mtoto mmoja mmoja ni ndogo: chakula cha mchana shilingi 120 kwa siku, yaani 1,200 kwa siku kumi, na karatasi za mazoezi 300. Jumla 1,500.

Katika kila 4,500 inayolipwa, basi, 1,500 inaliwa na mtoto mwenyewe na 3,000 inabaki kuziba lile shimo la 135,000. Gawanya, utapata 45. Wakilipa 45, hesabu inasimama sawasawa. Wakilipa 30, shule ina pengo la shilingi 45,000 na walimu wameshaahidiwa. Wakilipa wote 60, kuna ziada ya shilingi 45,000 ambayo barua haisemi ni ya nani.

Sasa sharti linaeleweka. Masomo ya hiari hayampi bursa hakika ya kuwapata hao 45. Wazazi wengine watampeleka mtoto mashambani, wengine wana mwalimu jirani, wengine hawana fedha. Njia rahisi ya kupata idadi ni kuifanya barua iwe kama ankara ya karo. Ndiyo maana pia siku ya mwisho ya kulipa huwekwa kabla ya shule kufungwa: bursa anataka kujua idadi mapema, na mwanafunzi bado yuko mikononi mwa shule, anaweza kurudishwa nyumbani kuleta fedha.

Hapo ndipo barua inapogongana na sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinasema mwanafunzi asiwekewe masomo ya likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hicho hakitaji shule ya umma wala ya kibinafsi, kinamtaja mwanafunzi. Wakuu wa shule hujitetea kwamba kinachokatazwa ni kulazimisha, na kwamba mzazi akikubali kwa hiari yake hakuna kosa. Sioni kuwa utetezi huo una nguvu nyingi, na hata ukikubaliwa, barua yenye “hatapokelewa” imeshaubomoa yenyewe.

Katika shule ya umma kuna tatizo la pili, nalo ni la mamlaka. Bursa ameajiriwa na bodi ya usimamizi wa shule, na mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi hiyo. Bursa hapangi ada. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu shule ya umma kutoza malipo mengine kwa idhini ya Waziri, baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na kinasema mtoto asikatazwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa. Ukiona barua ya fedha yenye sahihi ya bursa peke yake, bila kutaja uamuzi wa bodi wala idhini yoyote, mara nyingi ni dalili kwamba mkuu hakutaka jina lake liwepo. Bursa ndiye anayebaki na karatasi yenye muhuri.

Fuata pia njia ya fedha. Ada hii haina kasma katika bajeti ya shule ya umma, kwa hiyo ikiingia katika akaunti rasmi, mkaguzi ataiona na kuuliza imetoka wapi. Matokeo yake ni barua nyingi kuelekeza malipo kwa mwalimu wa darasa mkononi, au kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha malipo ya M-Pesa, jina la mpokeaji huonekana. Likiwa la mtu na si la shule, fedha hizo haziko katika vitabu vya shule, na baadaye hakuna wa kudaiwa. Kifungu cha 29 kimeligusa hili nalo: hakuna anayeruhusiwa kukusanya tozo bila kutoa risiti rasmi.

Wakati mwingine barua inatoa nambari ya malipo ya shule, na akaunti ni nambari ya usajili ya mtoto. Hiyo ni afadhali, ila ina mtego wake. Nambari hiyo hufungua daftari la karo. Kama ulikuwa na deni la shilingi 6,000 la muhula wa pili, 4,500 yako inaweza kumezwa na deni hilo, na siku ya Jumatatu mtoto akaambiwa hajalipa masomo. Mwambie bursa kwa maandishi malipo ni ya nini, na uombe risiti inayotaja hivyo.

Kuhusu neno “kufidia” lililo katika barua: shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, taifa zima lilipoteza miezi. Wizara ilifidia kwa kufupisha mihula na likizo hadi kalenda ikarudi Januari 2023. Muda huo, basi, hauna deni tena. Na mwanafunzi aliyebaki nyuma kwa mada mbili za hisabati anaweza kusaidiwa ndani ya muhula, kwa maana kanuni za mwaka 2015 za Sheria ya Elimu ya Msingi zinaweka masomo ya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na ndani ya saa hizo hakuna posho ya ziada ya kumlipa mwalimu.

Mzazi anayetaka kumjibu bursa ana maswali matatu yanayotosha: bodi ilikaa lini, wakija 30 itakuwaje, na wakija 60 ile ziada itakwenda wapi. Akikosa majibu, barua yenyewe ni ushahidi wa kupeleka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kwa kuwa ina nembo, tarehe, kiasi na muhuri. Wanaoziandika wanalijua hilo. Siku hizi tangazo hilo hilo, kwa tarehe na kiasi kile kile, linazidi kufika kama ujumbe wa simu kutoka kwa mwakilishi wa wazazi wa darasa, bila nembo na bila sahihi ya mtu yeyote wa shule.