Ukimwambia kwamba kuna mwingine anayekutaka

Labda jambo hili limekupata wewe pia. Uko na mchumba, au karibu mchumba, maana wazee hawajakaa bado. Halafu mtu mwingine anaanza kukuzunguka. Kwa binti ni mkubwa wa kazi ao mfanyabiashara wa madini. Kwa kijana ni mtoto wa jirani mwenye kumletea bukari ya moto kila akitoka kazini. Unajiuliza: nimwambie mchumba wangu ao ninyamaze? Na ukisha kumwambia, unamtazama usoni ili ujue kama anakupenda kweli.

Hapo kwenye uso ndipo wengi wanapotea. Sikiliza kisa cha mabinti wawili wa Likasi, marafiki tangu shule.

Wa kwanza alikuwa akiuza dawa katika farmasi. Mchumba wake alikuwa dereva wa kamio kubwa kule mgodini upande wa Kolwezi, kilometa karibu 180, akilala kambini siku 14 na kurudi nyumbani siku 7. Siku moja mfanyabiashara mmoja aliyefiwa na bibi yake akaleta bahasha kwa shangazi ya binti, na ndani dola 100. Hakusema mengi. Lakini kwetu bahasha inasema yenyewe. Usiku ule binti akamwita mchumba wake kwa simu, akamweleza yote. Kijana akanyamaza sana. Mwishowe akasema: «Njo vile? Sawa, nimesikia.» Simu ikakatwa. Binti akalia mpaka asubuhi.

Akamwendea rafiki yake, na yule akacheka: «Wangu haiko vile! Nilimuambia tu kwamba kuko mtu ananitafuta, akafika usiku ule ule, akapiga mlango, akasema: leta telefone yako hapa! Ule njo anapenda.» Na wasichana wote wa lupango wakakubali kwamba ule njo anapenda.

Tuwaache hapo kidogo. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Amerika, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya pamoja matokeo ya mapimo mengi yaliyofanywa na wengine, ambamo watu zaidi ya 24 000 walitazama ao kusikiliza msemaji na kuamua kama anadanganya. Walisema sawa mara 54 katika 100 tu. Ukitupa feza ya chuma hewani unapata karibu 50! Wengi wa wale waliamua juu ya watu wasiowajua, ni kweli. Lakini mpenzi naye ana shida yake: anapenda kuamini. Basi jasho, macho kutazama chini, sauti kupanda, kunyamaza, hivi vyote si mizani. Mtu mmoja akishtuka anapiga kelele, mwingine anameza ulimi, kadiri alivyolelewa.

Wivu pia ni shahidi dhaifu. Unaonyesha kwamba mtu anaogopa kupoteza. Hauonyeshi anaogopa kupoteza nini. Labda ni wewe. Labda ni heshima yake mbele ya rafiki zake wa bia.

Usitazame uso, basi. Sikiliza maulizo yatakayokuja kisha. Yule dereva aliita tena siku ya pili jioni. Akauliza: «Ile bahasha iko wapi sasa?» Kisha: «Weye ulimujibu nini?» Na mwisho: «Unapenda miye nifanye nini?» Ona vizuri yale maulizo. La kwanza ni juu ya jambo lenyewe. La pili ni juu ya neno la binti, naye alipojibu, akamwamini bila kutafuta shahidi. La tatu linampa binti nafasi ya kuchagua. Kisha akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemwuliza: «Na huku kambini kuko binti mumoja ananifulia nguo bila kuomba makuta. Nilijua anataka nini, nikanyamaza. Sitamupa tena.»

Mimi naona neno hili la mwisho lina uzito kupita yote. Ukifungua mlango wako, mtu mnyofu anafungua wake. Mwenye kuficha anataka mlango mmoja tu ufunguliwe, nao ni wako. Yule aliyenyanganya telefone alisoma ujumbe wote wa rafiki yetu, akafuta majina ya vijana watatu, mmoja wao binamu yake. Juma lile lile binti akamwomba: «Na yako, nione?» Akajibu: «Telefone yangu ni ya kazi.» Kisha akamkataza kwenda mazoezi ya kwaya, na kisha kwa shangazi. Miezi ikapita, hakutaja siku ya kuleta wazee hata mara moja. Kelele ya usiku ule ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa kelele ya ulinzi. Mlinzi wa depo naye analinda sana, na mali si yake.

Kuna jibu lingine tunalosikia sana katika miji yetu ya migodi, nalo linasemwa kwa kicheko: «Kula tu makuta yake, sheri, hatakufanya kitu.» Wengine wanaliona kama alama ya kuaminiana. Hapana! Mtu huyu anakutuma umdanganye mwingine, na faida mnagawana. Hana wivu, ni kweli, na pengine hana hasira. Lakini umekwisha kuona namna anavyouhesabu uongo: kwake ni mbaya tu ukimwangukia yeye. Tena mwenye kutoa bahasha atakuja siku moja kuuliza feza zake, na siku ile ni wewe utakayesimama mbele yake.

Na wewe mwenyewe je? Maana wapo wanaotunga mtu. Binti mmoja alimwambia mchumba wake kwamba daktari fulani anataka kumwoa. Daktari hakuwepo. Alitaka tu kumwona kijana akiungua. Kijana, mtoto wa watu maskini na mwenye haya, akafikiri siku tatu, kisha akasema: «Kama umepata mtu wa kukutunza kuliko miye, sitakuzuia.» Akaacha kuja. Binti alipomfuata kueleza, kijana hakuumizwa na daktari tena, aliumizwa na uongo. Ni ajabu gani hiyo? Aliyetaka kupima unyofu alipimwa yeye.

Ukiwa na neno la kweli, liseme pale linapotokea, si wakati wa ugomvi, maana wakati wa ugomvi linageuka kitisho na jibu utakalopata ni jibu la kitisho. Sema nani, alifanya nini, wewe ulijibu nini. Kama hukujibu kitu, sema hivyo pia. Halafu ngoja siku mbili, tatu. Anayerudi na maulizo ya kweli unaweza kuongea naye. Anayerudi na amri juu ya mavazi, simu na rafiki zako, mpelekee yaya ao mama mdogo habari hiyo mapema. Na kama amekupiga, usingoje hata siku moja, toka.

Bahasha ya shangazi ilirudishwa siku ya tano, dola 100 kamili, mbele ya mjomba. Shangazi alikasirika. Dereva alikuwa amesema atafika na baba yake mdogo siku ya posho. Hakufika, lakini alituma neno mbele, kwamba zamu imebadilishwa, naye alikuja juma lililofuata, amechoka na vumbi la njia. Mahari yanazungumzwa bado. Upande wa binti unataka feza nyingi, na shangazi hajasahau ile bahasha.