Grafu ya Ajali Haitaji Kasi ya Gari

Tangu mwaka 1979, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imekuwa ikichukua magari mapya na kuyagongesha kwenye ukuta mgumu kwa kilomita 56 kwa saa. Ndani hakuna binadamu; viti vya mbele vimekaliwa na midoli yenye umbo na uzito wa mtu. Mgongano wenyewe humalizika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya hapo hubaki boneti iliyokunjika, vioo vilivyomwagika chini, na mistari michache kwenye kompyuta. Mstari mmoja kati ya hiyo ni grafu ya mchapuko na muda, na ndani yake mna jibu la swali ambalo wachunguzi wa ajali huulizana kila siku: kasi ya gari ilibadilika kwa kiasi gani?

Mchapuko ni kiasi ambacho kasi hubadilika katika kila sekunde. Gari likiongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, basi baada ya sekunde 3 litakuwa limeongeza mita 6 kwa sekunde. Hesabu hiyo ya 2 mara 3, ukiichora, ni mstatili wenye kimo cha 2 na upana wa 3. Kwa hiyo eneo lililo kati ya mstari wa mchapuko na mhimili wa muda ndilo badiliko la kasi. Mstari ukiwa umepinda, eneo hilo hukatwa vipande vyembamba vya wima, kila kipande kikapimwa, kisha vyote vikajumlishwa. Wanahisabati huiita kazi hiyo integresheni.

Eneo hutoa badiliko tu. Kasi ambayo gari lilikuwa nayo kabla grafu haijaanza haimo popote kwenye mchoro huo. Ni sawa na daftari la duka lililoandikwa mauzo na matumizi ya leo pekee: unaweza kujua fedha zimeongezeka au zimepungua kiasi gani, lakini bila salio la jana huwezi kusema sandukuni mna shilingi ngapi. Vitabu vingi vya fizikia huanza na gari lililosimama, na hapo ndipo tabia mbaya huzaliwa. Kasi ya mwanzo ikiwa sifuri, badiliko la kasi na kasi ya mwisho huwa namba ileile, na mwanafunzi huzoea kuviona kama kitu kimoja. Ukutani Marekani hakuna gari linaloanza na sifuri.

Tuchukue jaribio lenyewe na kulirahisisha kidogo. Kilomita 56 kwa saa ni karibu mita 15.6 kwa sekunde. Tuite upande wa mbele wa gari chanya. Bampa linapogusa ukuta, mchapuko huanza kushuka chini ya mhimili, yaani unakuwa hasi, kwa sababu ukuta unalisukuma gari kurudi nyuma. Grafu halisi ina miinuko na mabonde, maana boneti, fremu na injini havikunji kwa wakati mmoja. Lakini umbo lake la jumla hukaribia pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Tuseme inashuka kutoka sifuri hadi mita 340 kwa sekunde kwa sekunde ifikapo milisekunde ya 50, kisha inapanda tena hadi sifuri kwenye milisekunde ya 100. Kilele hicho ni kama mara 35 ya mvutano wa dunia, kiwango cha kawaida kwa ajali ya aina hii.

Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kitako ni sekunde 0.1 na kimo ni 340, hivyo eneo ni 17. Kwa kuwa liko chini ya mhimili, badiliko la kasi ni hasi 17.

Sasa liweke salio la mwanzo. Chukua 15.6, toa 17, unapata hasi 1.4. Gari lilikuja na mita 15.6 kwa sekunde, na mgongano ukaondoa zaidi ya zilizokuwepo. Alama ya hasi inasema kwamba mwishoni linakwenda upande wa pili: limeruka nyuma kutoka ukutani kwa mita 1.4 kwa sekunde, yaani kilomita 5 hivi kwa saa. Anayetazama video ya majaribio haya huliona jambo hilo waziwazi. Gari hubonyea, husita, kisha hurudi nyuma taratibu, kwa sababu si chuma chote kilichokunjwa hubaki kimekunjika; sehemu yake hujikunjua kidogo. Ndiyo maana badiliko la kasi katika ajali ya ukutani huwa kubwa kuliko kasi ya kugonga, matokeo yanayowashangaza wengi wanapoyaona mara ya kwanza.

Inafaa kutua hapa na kuifuata kasi hatua kwa hatua. Kwenye milisekunde ya 20 mchapuko ni hasi 136, na kwenye milisekunde ya 30 ni hasi 204. Wastani wa hizo mbili ni hasi 170, na upana wa kipande ni sekunde 0.01, hivyo kipande hicho peke yake kinaondoa mita 1.7 kwa sekunde. Vipande vilivyotangulia vilikuwa vimeondoa 1.36. Gari lililokuwa na 15.6 sasa lina 12.54. Kompyuta hufanya hesabu iyo hiyo, ila vipande vyake ni vyembamba zaidi.

Ifikapo milisekunde ya 50, nusu ya pembetatu, yaani 8.5, imeshatumika na kasi iliyobaki ni 7.1. Kilele cha grafu kipo hapa, na ndipo mwanafunzi anaposhawishika kusema gari limesimama. Halijasimama, bado linakwenda mbele kwa zaidi ya kilomita 25 kwa saa. Linasimama pale eneo lililokusanyika linapofika 15.6, na kwa pembetatu yetu hiyo ni karibu milisekunde ya 80. Baada ya hapo mstari bado uko chini ya mhimili. Mchapuko ni hasi vilevile, lakini gari halipunguzi mwendo tena: linaongeza mwendo kuelekea nyuma. Mchapuko hasi humaanisha kupunguza mwendo pale tu kasi ikiwa chanya, na kasi ikiwa chanya au hasi hutegemea ile namba ya mwanzo ambayo grafu haiitaji.

Badilisha namba hiyo uone. Gari la pili liko barabara kuu kwa mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa, na linamgonga kwa nyuma lori linalokwenda polepole. Tuseme kihisi chake kimechora pembetatu ileile. Eneo ni hasi 17 tena, lakini gari hili linabaki na mita 8 kwa sekunde, likiendelea kusonga mbele. Grafu mbili zinalingana kabisa. Gari moja limerudi nyuma, jingine bado liko mbioni. Daktari anayetaka kujua mwili wa dereva ulipata kishindo gani atatosheka na 17, maana kishindo hicho ndicho kilichomfikia abiria kupitia mkanda na mfuko wa hewa. Askari anayetaka kujua nani alizidisha mwendo hawezi kupata kitu kwenye 17 peke yake.

Kwa sababu hiyo kinasa matukio cha gari, kijisehemu kinachokaa pamoja na kompyuta ya mifuko ya hewa, huhifadhi mambo mawili tofauti. La kwanza ni badiliko la kasi lililokokotolewa kutoka kwenye mchapuko. Kanuni namba 563 ya Marekani inataka thamani hiyo iandikwe kila milisekunde 10, kwa muda usiozidi milisekunde 250. La pili ni kasi ya gari katika sekunde 5 kabla ya mgongano, ambayo hutoka kwenye vipimo vya magurudumu au giaboksi. La kwanza ni eneo, la pili ni salio la mwanzo, na mchunguzi huyajumlisha kwa kuzingatia alama.

Kila upande una udhaifu wake. Kihisi kina kikomo. Kikizidiwa, kilele cha grafu hukatwa kikawa bapa kama meza, na eneo lililo nje ya ukato hupotea, hivyo badiliko la kasi linaonekana dogo kuliko lilivyokuwa. Dalili yake ni huo ubapa. Umeme nao ukikatika katikati ya ajali, mstari huishia hewani kabla ya kurudi sifuri, na mchunguzi makini hulichukulia eneo hilo kuwa kiwango cha chini, tena hana hakika ni cha chini kwa kiasi gani.

Kuna pia kosa dogo la kudumu ambalo halina madhara katika ajali lakini huharibu kabisa safari ndefu. Tuseme kihisi cha simu iliyowekwa kwenye dashibodi kinaongeza mita 0.1 kwa sekunde kwa sekunde, kosa linaloweza kutokea simu ikiinama kwa chini ya digrii moja na kunasa chembe ya mvutano wa dunia. Katika sehemu ya kumi ya sekunde, kosa hilo huongeza 0.01 tu, na hakuna wa kulijali. Katika dakika 10 huongeza mita 60 kwa sekunde, yaani kilomita 216 kwa saa, hata kama gari limeegeshwa. Anayejaribu kupima kasi ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa kujumlisha eneo pekee ataona mambo ya ajabu kwenye skrini.

Kasi ya mwanzo nayo si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Dereva akikanyaga breki hadi magurudumu yakajifunga, matairi huburura lamini bila kuzunguka sawasawa, na kipimo cha magurudumu huonyesha kasi ndogo kuliko ya gari lenyewe. Halafu kuna suala la muda. Kanuni ya sekunde 5 huandika kasi mara 2 tu kwa sekunde. Namba ya mwisho inaweza kuwa imechukuliwa karibu nusu sekunde kabla ya bampa kugusa kitu. Gari linalofunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu hupunguza kama mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, na kwa nusu sekunde hiyo ni mita 3.5 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 12 kwa saa.

Mchunguzi hulijaza pengo hilo kwa njia ileile: anachora mstatili mwembamba wa breki, anapima eneo lake, analitoa kwenye kasi ya mwisho iliyoandikwa, na jibu ndilo linakuwa mwanzo wa pembetatu ya mgongano. Kanuni mpya ya Marekani iliyotolewa Desemba 2024 inataka sekunde 20 kabla ya ajali, zikiandikwa mara 10 kwa sekunde. Pengo kubwa kabisa litakuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mstatili wa breki utashuka kutoka mita 3.5 hadi mita 0.7 kwa sekunde.