Sura ya tasnifu inavyogeuka makala ya jarida

Mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Mutukula huenda amewahi kusimamishwa na mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye hojaji mkononi: unauza nini, unapitia wapi, unalipa kiasi gani. Majibu yake huingia katika tasnifu, ambayo husomwa na msimamizi na watahini wachache kisha huwekwa maktaba. Ili majibu hayo yawafikie watafiti wengine na maofisa wanaotunga taratibu za mpakani, mwanafunzi huchukua sura moja na kuiandika upya kama makala ya jarida la kitaaluma. Kazi hiyo ndiyo huamua kama aliyoyasema mfanyabiashara yatasikika au yatapotea.

Ugumu wake si lugha. Sura ya tasnifu na makala ya jarida hufanya kazi mbili tofauti. Sura humthibitishia mtahini kwamba mwanafunzi amesoma, amefika uwanjani na anajua mbinu za utafiti, kwa hiyo hueleza karibu kila kitu. Msomaji wa jarida hamtahini mtu. Anataka kujua jambo moja jipya na ushahidi wake, na majarida mengi ya sayansi ya jamii humpa mwandishi nafasi ya maneno 8,000 hivi.

Tuchukue mfano tulioubuni. Mwanafunzi ana sura ya maneno 21,000 kuhusu wauzaji wadogo wa mahindi Busia, kati ya Uganda na Kenya. Historia ya mpaka imechukua maneno 4,500, nadharia 3,500, mbinu 2,500, matokeo 8,000 na hitimisho 2,500. Matokeo yamegawanyika katika mada tano: bei, usafiri, kubadilisha fedha, vyeti vya mazao, na mzigo wa familia.

Wengi huanza kwa kukata kidogo kila mahali: sentensi hapa, mfano pale. Wakimaliza wanabaki na tasnifu iliyosinyaa, yenye mada zilezile tano, kila moja ikiwa na ushahidi haba kuliko mwanzo. Anayejua kazi hii hakati kwanza. Hutafuta hoja kuu, kisha huiacha hoja iamue kinachobaki.

Katika sura yetu, mwandishi alikuwa ameandika hivi: “Utafiti huu unachunguza changamoto zinazowakabili wafanyabiashara wadogo wa mahindi Busia.” Hiyo ni mada, bado si hoja. Kuna kipimo rahisi cha kutofautisha: je, mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga sentensi hiyo? Hakuna atakayebisha kwamba wafanyabiashara wana changamoto.

Mwandishi anarudi kwenye mahojiano na kujiuliza ni jambo gani lilimshangaza. Mahindi yaliyolimwa ndani ya Jumuiya hayatozwi ushuru wa forodha yanapovuka kati ya nchi wanachama, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ipo hati rahisi ya uasilia. Hata hivyo, baadhi ya waliohojiwa bado wanapita njia za panya. Kwa nini, ikiwa ushuru umeondolewa? Majibu yao yanaelekea kwenye vyeti vya ubora wa mazao. Suala hilo lilikuja juu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwamo la cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Hapo hoja inapata makali: “Kinachomsukuma muuzaji mdogo kwenye njia za panya si ushuru, bali gharama ya cheti isiyopungua mzigo unapopungua.” Hesabu yake kila mfanyabiashara anaielewa. Tuseme cheti, pamoja na nauli na siku ya kukifuatilia, kinagharimu shilingi 2,000. Mwenye lori la magunia 100 anabeba shilingi 20 kwa gunia. Mwenye magunia matano anabeba shilingi 400. Sheria ni moja, lakini uzito wake si mmoja.

Sentensi hii inaweza kupingwa, na ndiyo maana inafaa. Sasa ukataji una kipimo. Mwandishi hafuti ndani ya faili la zamani. Anafungua ukurasa mtupu, anaandika hoja juu, kisha anapitia kila aya ya sura na kuandika pembeni kazi yake kwa maneno machache. Aya isiyoisaidia hoja haihamii upande wa pili, hata kama iliandikwa kwa jasho.

Historia inashuka hadi maneno 600: lini ushuru uliondolewa na vyeti vikaanza kubana. Nadharia inabaki 900, kwa sababu mwandishi anajadiliana tu na wale wanaosema magendo hutokana na ushuru. Mbinu zinakuwa 800. Katika matokeo, mada ya bei na ya vyeti zinaunganishwa kwa maneno 3,300. Utangulizi na hitimisho ni 700 kila kimoja, na orodha ya marejeo 1,000. Jumla ni 8,000. Mada ya kubadilisha fedha ina swali lake lenyewe, kwa hiyo inawekwa akiba kwa makala nyingine.

Yapo mambo ambayo hayakatwi hata nafasi ikibana. La kwanza ni idadi ya waliohojiwa, walivyochaguliwa na mwaka wa mahojiano. Bila hayo mhakiki hawezi kupima ushahidi. La pili ni ushahidi unaosumbua hoja. Ikiwa baadhi ya wauzaji walikuwa na cheti na bado wakapita njia ya panya kwa sababu nyingine, lazima wasemwe, na hoja ipunguzwe: cheti ni sababu kubwa kwa wenye mizigo midogo, si sababu pekee kwa wote. Pia mahojiano ya Busia hayatoshi kusemea Namanga.

La tatu linamhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Makala husomwa na wengi kuliko tasnifu, wakiwamo watu wanaoujua mpaka vizuri. Kumficha mtu jina hakutoshi kama maelezo yanasema ni mjane, anauza karibu na kituo fulani na huvuka Alhamisi usiku. Maelezo hayo hayaongezi chochote kwenye hoja, lakini yanaweza kumtambulisha. Hayo ndiyo ya kukatwa kwanza.

Dalili za kazi isiyokamilika huonekana mapema. Makala bado inasema “kama ilivyoelezwa katika sura ya pili.” Hoja inajitokeza kwenye ukurasa wa kumi na tano. Hitimisho linaleta mapendekezo kuhusu mikopo, ilhali mikopo haikuzungumzwa. Mwandishi anaweza kumpa mtu asiye wa fani yake ikisiri na aya ya kwanza tu, kisha amuulize makala inadai nini. Akijibu “inahusu biashara ya mpakani,” kazi haijaisha. Akijibu “inasema cheti kinamwelemea mwenye magunia matano,” makala iko tayari kutumwa kwa mhariri, kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja, ikiwa na maelezo kwamba imetokana na tasnifu.